Kwa Nini 'Room' Iingie Daftarini na 'Goose-step' Ingoje

Ukiuliza popote Pemba, kuanzia Mkoani hadi Konde, vipi mtu ajifunze Kiingereza kwa filamu, utapewa ushauri ule ule. Angalia kipande, simamisha kila unapofika penye neno usilolijua, liandike, lifungulie kamusi, uweke maana yake mbele. Anayekwambia ni maalim wa tuisheni, ni kaka aliyerudi masomoni Unguja, ni kijana anayesaka kazi ya kutembeza wageni katika Msitu wa Ngezi. Daftari likinenepa, mwenyewe huonekana amekwenda mbele. Ushauri huu umezoeleka mno, na kwa nje una mantiki: ulichokikosa ndicho cha kukitafuta. Mimi naupinga hapo hapo penye mantiki yake. Katika kipande kifupi cha filamu, maneno mengi usiyoyajua yana faida ndogo, na yale unayodhani unayajua ndiyo yanayokuangusha.

Tuchukue kipande kimoja tukifanyie kazi. Mwaka 1940 Charlie Chaplin alitoa The Great Dictator, filamu yake ya kwanza yenye mazungumzo ya sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Humo anaigiza watu wawili: kinyozi wa Kiyahudi, na dikteta Hynkel, ambaye ni dhihaka ya Hitler. Mwishoni kinyozi anadhaniwa ndiye dikteta, anapandishwa mbele ya vipaza sauti na umati wa askari, na badala ya kutangaza vita anaomba radhi kwamba yeye hataki kuwa mfalme wa wafalme. Hotuba nzima ni ya dakika tatu na kitu. Sisi tutatwaa mwanzo wake tu, tangu anapofungua kinywa hadi anaposema kwamba tunafikiri mno na kuhisi kidogo mno. Ni maneno kama 160. Kipande hiki kinamfaa mwanafunzi kwa sababu Chaplin anaitazama kamera uso kwa uso, kwa hiyo midomo yake inaonekana. Mwanzoni anakwenda taratibu. Wala hapana muziki unaomfunika. Na kikishapakuliwa mara moja kwenye simu, hakili tena bando.

Mpe kipande hiki mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Wete au Chake Chake, umwambie afuate ushauri uliozoeleka. Atakuletea orodha inayokaribiana na hii: 'emperor', 'conquer', 'Gentile', 'misery', 'despise', 'greed', 'barricaded', 'goose-stepped', 'bloodshed', 'abundance', 'cynical'. Neno lililomla muda kuliko yote ni 'goose-stepped'. Kamusi itampa 'goose', bata bukini, kisha itampa 'step', hatua, naye atabaki na hatua za bata bukini zinazoipeleka dunia kwenye umwagaji damu. Akihangaika zaidi atagundua kwamba ni ule mwendo wa gwaride wa kurusha mguu mbele bila kukunja goti, uliohusishwa na majeshi ya Hitler. Ni maarifa mazuri, sikatai. Lakini atalikuta wapi tena neno hilo? Halimo katika kitabu chake cha baiolojia, wala mgeni hatalitamka akiwa Kidike akiangalia popo.

Tatizo hili lina hesabu zake. Mwaka 2009 watafiti wawili, Stuart Webb na Michael Rodgers, walichapisha uchambuzi wa maneno ya filamu 318 za Kiingereza. Waliyahesabu kwa ukoo, maana yake 'help', 'helped' na 'helpful' ni ukoo mmoja. Walikuta kwamba anayejua koo 3,000 zinazotumika zaidi, pamoja na majina ya watu na mahali, ameyafikia maneno kama 95 katika kila 100 yanayosemwa kwenye filamu. Ili afike 98 katika 100 anahitaji koo kama 6,000. Yaani koo 3,000 za pili, kazi ya miaka, zinamwongezea maneno matatu tu katika kila mia. Huko ndiko anakokaa 'goose-step' na wenzake: ni wengi, na kila mmoja hutokea kwa nadra. Orodha ya maneno mageni kutoka kipande kimoja karibu yote inatoka upande huo.

Hata hivyo hesabu hiyo nayo ina shimo, na shimo lenyewe linanisaidia hoja. Anayehesabu koo huandika 'room' mara moja na kulitia katika yanayojulikana. Na kweli, muulize mwanafunzi yeyote wa Pemba 'room' ni nini, atakujibu chumba kabla hujamaliza kuuliza. Sasa sikiliza kipande. Chaplin anasema: 'In this world there is room for everyone.' Mwanafunzi hakusimamisha simu hapo, neno analijua. Muulize amesema nini, atakwambia kwamba katika dunia hii kila mtu ana chumba. Sentensi imepita, ina maana fulani, na hakuna kengele iliyolia. Neno geni hujitangaza lenyewe kwamba hujalielewa. Neno la zamani lenye kazi mpya hukupita likiwa limevaa nguo unazozijua, nawe ukaenda zako na maana isiyokuwamo.

Tena katika sentensi hii siri yote imo katika kitu ambacho Kiswahili hakina. 'There is a room' ni kuna chumba. 'There is room', bila ile 'a', ni kuna nafasi. Sikio la Mswahili halijazoea kuisubiri 'a', kwa sababu katika lugha yetu hakuna kitu kinachoisubiri. Mgeni anayeuliza mapokezi 'Is there a room?' anataka kulala. Mgeni huyo huyo akiwa ufukweni, anatazama mashua ya kwenda Misali iliyokwisha kujaa, akiuliza 'Is there room?' anataka kujua kama atasogezewa pembeni akae. Kijana wa mashua aliyehifadhi 'room = chumba' atamwonesha hoteli.

Kwa hiyo katika kipande hiki mimi ningeanza na 'room for', kisha 'provide for', 'shut in', 'leave in want', na 'that's not my business'. Matano haya, ukitoa vijineno vya kuunganishia, yamejengwa kwa maneno ambayo mwanafunzi amekuwa nayo tangu msingi. Kutoka orodha ya mageni ningechukua mawili tu, 'greed' na 'despise', kwa sababu uroho na dharau ni mambo ya kusemwa kila siku na katika kila insha. Saba yanatosha. Mwanafunzi anayetoka na saba yaliyofanyiwa kazi anaweza kuyatumia wiki ijayo. Mwenye thelathini yaliyonakiliwa ana daftari tu.

Yanafanyiwa kazi vipi? Kwanza kipande kinasikilizwa mara mbili bila maandishi ya chini, na mwanafunzi anaandika kwa Kiswahili anachodhani kimesemwa. Hatua hii watu wengi huiruka, na ndiyo inayofichua makosa niliyoyataja, kwani ukianza na maandishi macho hujiridhisha haraka. Kisha maandishi yanafunguliwa, yanalinganishwa na aliyoyaandika, na popote palipopishana pana mstari wa kuingia daftarini. Tahadhari moja: maandishi yanayotengenezwa na mashine yenyewe huweza kukosea. 'Gentile', yaani mtu asiye Myahudi, linaweza kutoka 'gentle', mpole, na mwanafunzi asiyejua hadithi ya filamu hatashtuka. Akiwa na shaka, atazame neno lililo jirani: Chaplin anataja makundi ya watu wawili wawili, Myahudi na asiye Myahudi, mweusi na mweupe, mpole hana nafasi hapo.

Halafu inakuja sentensi ya mfano, na hapa nina ugomvi wa pili na mazoea yetu. Skuli tumefundishwa kwamba ukishapata neno jipya tunga sentensi yako mwenyewe. Ushauri mzuri kwa anayeijua lugha. Mwanafunzi wetu anatunga kwa Kiswahili, kisha anageuza neno kwa neno, na anachokihifadhi ni kosa lake mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Nimeona daftarini 'I closed the goats in the house'. Kosa halikutoka hewani. Kwetu tunafunga mlango, tunafunga mbuzi, tunafunga mzigo, tunafunga Ramadhani na tunafunga goli, kwa kitenzi kimoja. Kiingereza kina kitenzi tofauti kwa karibu kila moja ya kazi hizo.

Dawa ni kuitwaa sentensi ya filamu na kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Chaplin anasema tumepata mwendo wa kasi, lakini 'we have shut ourselves in', tumejifungia ndani. Mwanafunzi abadilishe aliyefungiwa tu: 'We have shut the goats in.' Hiyo ni sahihi, na mbuzi wamepata kitenzi chao. Sasa aondoe 'have', kisha aongeze wakati: 'We shut the goats in before dark.' Sentensi ni ya nyumbani kwao, lakini mifupa yake ni ya mtu aliyezaliwa na lugha hiyo. Fanya vivyo kwa 'there is room for everyone'. Ongeza mahali: 'There is room for everyone in the boat.' Badilisha anayepewa nafasi: 'There is room for the bicycle in the boat.' Kisha ukanushe: 'There is no room for the bicycle in the boat.' Mwanafunzi akivibadilisha vyote kwa pamoja utamkuta ameandika 'there is room of sleep', na hapo hutajua kosa liliingilia wapi. Akibadilisha kimoja kimoja, sentensi ikikataa unajua ni kitu gani ulichokigusa mwisho.

Sentensi ikishapatikana, kuna kipimo rahisi cha kujua kama inafaa kubaki. Ifunike ile sehemu unayojifunza, umpe mwenzako asome zilizobaki. 'There was ____' haimwambii kitu. Panaweza kuwekwa chochote. 'The daladala was full, but the conductor said there was ____ for one more' karibu inajaza pengo yenyewe, na kila mtu Pemba amelisikia tamko hilo kwa Kiswahili akiwa amebanwa mbavu. Sentensi nyingi za daftarini huanguka mtihani huu. Ni fupi mno, hazina mahali wala mtu, na 'I like room' itahifadhiwa mwaka mzima bila kumfundisha mwenyewe chochote.

Mstari wa 'leave in want' unahitaji uangalifu zaidi. Chaplin analalamika kwamba mitambo iletayo neema 'has left us in want'. Hapa mwanafunzi huuliza, "Maalim, hili 'want' si lile la nataka?" Ndilo kwa asili, ila hapa limekuwa jina: uhitaji, ufukara. Mashine zimetuacha katika uhitaji. Sasa, 'in want' kwa maana hii ni Kiingereza cha kizamani na cha vitabuni. Kijana akilitumia barabarani ataeleweka lakini atasikika kama babu wa filamu. Je, tulitupe? Hapana, kwa sababu umbo lililolibeba liko hai kabisa: kumwacha mtu katika hali fulani. Badilisha hali tu, upate 'The bad clove season left him in debt', msimu mbaya wa karafuu ulimwacha na deni. Sentensi hiyo inasemeka leo Wete na inasemeka leo London. Kando ya mstari mwanafunzi aandike alama mbili: 'in want' ni la kusoma, 'in debt' ni la kusema. Anayekusanya maneno matupu hana mahali pa kuweka alama kama hii, na filamu za zamani zimejaa vitu vinavyoihitaji. 'I should like to help' ya Chaplin leo wengi husema 'I'd like to help'.

Alama ya namna nyingine inahitajika penye 'That's not my business'. Kinyozi anasema kwamba utawala si kazi yake, kwa unyenyekevu, akiwa ametanguliza samahani. Mwanafunzi anayejua 'business' kama biashara tu anadhani amezungumzia duka. Akishasahihishwa anafurahi, anaibeba sentensi nzima hadi kazini, mgeni anamuuliza boti ya Unguja inaondoka saa ngapi, naye anajibu 'That's not my business' akikusudia kwamba yeye ni wa msituni, mambo ya boti hayajui. Mgeni anasikia: hainihusu. Maana ya neno ameipata sawa. Kilichomponyoka ni adabu yake. Ndiyo maana katika orodha ninayoitetea kila mstari una nani anasema, anamwambia nani, na kwa uso gani, na filamu ndiyo inayokupa hayo bure, maana uso wa Chaplin uko pale pale. Kwa ajili ya mgeni, kijana aandike sentensi nyingine kando: 'I'm sorry, I don't know about the ferry.'

Watakaonipinga wana silaha moja nzito, nayo ni mtihani. Zanzibar masomo mengi ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na mzazi atauliza kama 'room' na 'shut in' zitampa mwanawe alama. Namjibu kwa kumrudisha kwenye karatasi zenyewe. Maswali ya historia na jiografia hupenda kuanza na 'Account for', na mwanafunzi anayejua 'account' ni akaunti ya benki huanza kueleza badala ya kutoa sababu. Hupenda pia 'give rise to' na 'bring about'. Hakuna hata neno moja humo ambalo lingeingia katika orodha ya maneno mageni. 'Provide' nayo ni rafiki yake wa siku nyingi kutoka 'provide two examples'. Lakini Chaplin anaposema kwamba ardhi ni tajiri na 'can provide for everyone', hiyo 'for' imeigeuza kuwa kukimu. Anayeishika hapa, kwa sentensi kama 'He works at the port to provide for his parents', ataitambua itakapotokea katika kifungu cha ufahamu juu ya kilimo au familia. Nakubali kwamba kifungu hicho kinaweza pia kuwa na neno gumu la kutegea. Mara nyingi sentensi zilizolizunguka humsaidia kulikisia, iwapo hizo zilizolizunguka amezielewa.

Kwa hiyo maneno mageni siyafukuzi. Yana ukurasa wa nyuma: neno, sentensi ya filamu lilimotokea, na maelezo mafupi ya Kiswahili, basi. Hayatungiwi sentensi, hayakaririwi. Neno likijitokeza mara ya pili, katika filamu nyingine au kitabu cha skuli, linahamia mbele na kupewa kazi kamili. 'Cynical' ni mfano mzuri wa neno la kungoja huko. Kulieleza kwa Kiswahili kunahitaji sentensi nzima, mtu asiyeamini kwamba wenzake hufanya jema kwa nia njema, na mwanafunzi wa kidato cha tatu atakuwa amejibana bure akilazimisha neno moja.

Saba za mbele zinarejewa kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, na kila mara kuanzia upande wa Kiswahili: unafunika Kiingereza, unasoma 'tuliwafungia mbuzi kabla ya giza', na unasema sentensi kwa sauti. Kuanzia upande wa Kiingereza ni rahisi mno na hudanganya, kwani kutambua si kutamka. Ikishindikana mara mbili mfululizo, kosa huwa ni la sentensi ya mfano kuliko la kichwa. Itafutwe nyingine yenye mtu na mahali anapopajua.

Kipande cha Chaplin kina mpaka wake, na afadhali mwanafunzi aujue mapema. Ni hotuba. Hakuna anayeuliza wala kukatiza, na jinsi hotuba inavyosonga ndivyo sauti inavyopanda na kasi kuongezeka hadi anayeanza hawezi kuifuata. Kwa hiyo baada ya mwanzo huu nisingemwendeleza na hotuba hiyo. Ningempeleka kwenye mazungumzo. Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016 juu ya binti wa Kampala na mchezo wa sataranji, ina faida ambayo filamu nyingi za Marekani hazina. Kiingereza chake ni cha lafudhi ya Uganda, silabi zinasikika, na masoko, mvua na madeni ya humo hayahitaji kuelezwa kwa mtu wa Chake Chake. Kipande cha watu wawili, cha chini ya dakika moja, kinatosha, na humo mistari ya kuandika itakuwa mifupi zaidi: majibu, mikato, na vitenzi vidogo kama 'get' na 'take' vinavyobadilika kila vinapokutana na 'up', 'off' au 'back'.